Oili feki: acheni kumsingizia bodaboda

Makamanda, nimechoka kusikia kwamba injini za bodaboda zinakufa kwa sababu vijana hawajui kutunza chombo. Mimi ni fundi, nazifungua hizo injini. Unakuta ringi zimekwisha, pistoni imekwaruzika, na kijana anakuonyesha chupa ya oili aliyonunua dukani, lebo inang'aa. Yuko kwenye mkataba, hesabu ya leo inamsubiri, na chombo hakitembei.

Oili feki ninayoisema mara nyingi ni oili chafu iliyomwagwa gereji, ikachujwa, ikatiwa rangi, ikarudishwa kwenye chupa halisi iliyookotwa. Ndiyo maana lebo haikuokoi. Lebo ni ya kweli, kilichomo ndicho cha uongo. Rangi na harufu nazo zinadanganya. Wewe anza na kizibo: ile pete ya plastiki chini yake iwe nzima, ikatike mkononi mwako ukifungua. Kama kampuni huziba mdomo kwa foili, foili iwe imebana pande zote, bila mikunjo wala gundi iliyovuja. Kisha omba katoni. Namba ya toleo kwenye chupa ilingane na ya kwenye katoni. Muuzaji anayetoa chupa moja moja chini ya kaunta, katoni hana, risiti ya EFD hataki kutoa, mwache hata kama bei yake ni tamu. Mwenye mali halali haogopi kuandika jina la oili na gredi kwenye risiti.

Na gredi msipuuzie. Kitabu cha pikipiki kikisema 20W-50, nunua hiyo, na chupani utafute 4T na JASO MA au MA2. Bodaboda zetu nyingi klachi inaogelea kwenye oili ileile ya injini. Oili ya gari, hata ikiwa halisi, inaweza kuwa na dawa za kupunguza msuguano. Klachi ikateleza, ukapandisha moto chombo kisivute. Hapo unauziwa klachi mpya bure, wakati tatizo ni oili.

Sasa tuseme ya wakubwa. Sheria imeipa Tume ya Ushindani kazi ya kukamata bidhaa bandia. Basi iulizwe hadharani: chupa tupu kutoka gereji zetu zinanunuliwa na nani, na zinajazwa wapi? Kumbebea mangi wa kona makopo yake manne hakumfikii anayejaza. Huyo kesho atapata duka lingine, na hasara ataendelea kuibeba dereva.

Wakati tunadai jibu, tumnyime chupa. Ukimaliza kumimina oili, itoboe kwa bisibisi palepale mbele ya fundi, na kizibo uondoke nacho.