Usichane ukurasa wa mteja aliyeandikwa mara mbili

Huku Mbulu na Hanang mama mmoja anaitwa kwa jina la ubatizo kanisani na kwa jina la mwanawe kijijini. Ndiyo maana kwenye daftari la duka la pembejeo anaonekana wateja wawili. Wenye maduka wengi hujumlisha madeni, huandika jumla ukurasa mmoja na kuchana mwingine. Mimi napinga hilo.

Chukua mfano huu. Ukurasa wa 12 alichukua urea ya shilingi 140,000, akalipa 90,000, anadaiwa 50,000. Ukurasa wa 47 alichukua mbegu za mahindi za 60,000, akalipa 75,000. Yaani 15,000 ni haki yake. Deni halisi ni 35,000, si 65,000.

Kwanza mwite, msome mistari yote pamoja. Namba ya simu peke yake haithibitishi kitu, maana nyumba nzima huweza kutumia simu moja. Kisha ukurasa wa 47 andika tarehe na "15,000 yake imehamia uk. 12", upige mstari. Ukurasa wa 12 andika "15,000 imetoka uk. 47, deni 35,000", naye asaini.

Hakiki: manunuzi yote 200,000, toa malipo yote 165,000. Isipobaki 35,000, kuna mstari mmeuruka.

Ukurasa wa 47 ubaki. Msimu ujao akiuliza alipanda mbegu gani, au akibishia deni, jibu liko pale.