Katoyi: “Tutaona” isiyo na siku ni jibu tayari

Katika mtaa wa Katoyi, komine ya Karisimbi mjini Goma, binti anamuuliza mchumba wake lini atakuja kusalimu wazazi. Tutaona. Lini familia yake itafuata fakture ya mahari? Tutaona. Lini watapita komine? Tutaona.

Neno hilo halimfungi anayelisema. Halina siku, na “tu” yake inawabebesha wawili mzigo ambao ulipaswa kubebwa na mmoja. Hata anayesema “Jumamosi, Mungu akipenda” ameacha nafasi ya kushindwa, lakini Jumamosi ikifika ataulizwa. Wa “tutaona” hana siku ya kuulizwa.

Wanaomtetea watasema hali ni ngumu, na ni kweli. Tangu M23 ilipouteka mji mwishoni mwa Januari 2025, benki zilifungwa na wengi walipoteza kazi. Kupanga harusi ukiwa na mfuko mtupu si rahisi. Lakini aliyekwama kwa ajili ya pesa hujua amekwama wapi, na anaweza kupaonyesha.

Tuchukue mfano wa fundi wa kushona aliye katika likelemba ya watu kumi, wanaopokezana kila mwisho wa mwezi. Zamu yake ni ya saba, na leo amepokea wa nne. Hata bila benki anaweza kusema: “Nitapata pesa mwisho wa mwezi wa tatu kutoka sasa. Wiki inayofuata, baba mdogo atakuja kuomba fakture.” Likelemba ikivunjika, atakuja kabla ya siku hiyo aeleze na kutaja siku nyingine. Huyo amechelewa, lakini hajakimbia.

Anayekwepa hutambulikana kwa namna sababu zake zinavyohama. Kwanza ni pesa. Pesa ikipatikana, ni kaka mkubwa ambaye hajaoa. Kaka akioa, ni usalama. Kuna jaribio lisilo na gharama: aombwe siku ya kwenda tu kumsalimu shangazi wa binti, bila zawadi wala wajumbe. Akijibu “tutaona” hata hapo, kizuizi si pesa.

Sheria haitamsaidia binti kumlazimisha. Sheria ya familia ya Kongo ya mwaka 1987, iliyorekebishwa 2016, inatambua uchumba kama ahadi ya ndoa, lakini haimlazimishi mtu kuoa. Wakati huo binti anaendelea kuwakataa wengine, na anayelipa gharama ya kungoja ni yeye peke yake.

Kwa hiyo familia isiulize tena “lini?”, kwa sababu swali hilo ndilo linaloleta “tutaona”. Wazazi wataje siku yao: “Tunakungoja tarehe 15.” Akisema hataweza tarehe hiyo, aseme ataweza ipi. Asipotaja yoyote, amejibu, na binti ana haki ya kulichukua hilo kuwa jibu.