Kazi Ina Mtu, Tangazo Bado Liko Juu

Sisi tunaotafuta kazi kupitia simu, wahitimu wa vyuo, madereva, watunza stoo, wahasibu waliopunguzwa kazini, tumechoka kutuma maombi ya nafasi ambazo zimeshapata watu. Hatulalamikii kukosa. Kukosa tumekuzoea, maana nafasi ni moja na waombaji ni mia kadhaa, na hesabu hiyo kila mtu anaielewa. Tunacholalamikia ni kupangishwa foleni kwenye dirisha lililokwisha kufungwa, tena na mtu ambaye angeuliza mara moja tu angejua kwamba ndani hakuna kinachogawiwa.

Tuchukue yaliyompata mwenzetu mmoja wa Dar es Salaam, mtunza stoo mwenye uzoefu wa miaka mingi. Jumatatu ya tarehe 3 Machi 2025 kampuni moja ya kusambaza vinywaji ilitangaza nafasi ya kazi yake kwenye tovuti ya ajira. Kampuni ilinunua kifurushi cha tangazo la kulipia cha siku 30. Ndani ya PDF iliyoambatanishwa chini ya tangazo, kampuni yenyewe iliandika kwamba mwisho wa kupokea maombi ni Ijumaa ya tarehe 14 Machi. Lakini juu ya ukurasa, pale jicho linapotua kwanza, tovuti iliandika kwamba tangazo linaisha tarehe 2 Aprili, kwa sababu siku 30 za kifurushi zinaishia hapo.

Mwenzetu alipata arifa kwa barua pepe asubuhi ya tarehe 22 Machi, ikimwambia kuna kazi mpya inayomfaa. Akafungua, akaona limetangazwa "siku 1 iliyopita", akaona mwisho ni Aprili. Jumatatu akaenda stesheneri kuskani vyeti, akagongewa mhuri wa wakili kwenye nakala kama tangazo lilivyotaka, akatuma. Mfumo ukamjibu papo hapo kwamba maombi yake yamepokelewa. Wiki moja baadaye alipoulizia kwa simu, afisa rasilimali watu alimjibu kwa upole kabisa kwamba usaili ulishafanyika na mtu yuko kazini. Akauliza, mbona tangazo bado liko juu? Jibu lilikuwa fupi: tulilipia mwezi mzima.

Jibu hilo ndilo kiini cha malalamiko yetu, na tunaomba wenye tovuti walisome mara mbili. Kila tangazo la kazi lina tarehe mbili. Moja ni ya mwajiri, siku anayoacha kupokea maombi. Nyingine ni ya biashara ya tovuti, siku ambayo nafasi iliyonunuliwa kwenye ukurasa inakwisha. Mwombaji anaihitaji ya kwanza peke yake. Ya pili haimhusu hata kidogo, ni mkataba kati ya muuza matangazo na mnunuzi wake. Lakini kwenye tovuti nyingi tunazotumia, ya pili ndiyo inayowekwa juu kwa herufi nzito, na ya kwanza inaachwa ndani ya maelezo au ndani ya faili ambalo mtu wa bando la kuhesabu anasita kulipakua.

Hakuna aliyekaa akapanga kumdanganya mwenzetu. Na hilo linatuuma zaidi, kwa sababu maana yake ni kwamba jambo hili litaendelea kutokea lenyewe. Kifurushi cha kulipia mara nyingi huuzwa pamoja na huduma ya kulipandisha tangazo juu kila baada ya siku kadhaa, ili lisizame chini ya matangazo ya bure. Programu inapolipandisha, inabadilisha tarehe ya kutangazwa iwe ya siku hiyo. Tangazo la tarehe 3 likapandishwa tarehe 21, likavaa tarehe ya 21. Usiku ule programu nyingine, ile ya arifa, ikapita kukusanya kila tangazo lenye tarehe mpya kuliko barua yake ya mwisho. Ikalikuta hili, ikaliona jipya, ikalituma kwa kila aliyejiandikisha kupokea kazi za stoo. Mwajiri alikuwa amekwisha kusahau, maana mtu wake alishampata. Saa za kompyuta zikaendelea kuita watu.

Anayetaka kuhakikisha anaweza kuangalia mwenyewe. Kwenye Chrome, hata ya simu ya Android, andika `view-source:` mbele ya anwani ya ukurasa wa tangazo, kisha tafuta neno `validThrough`. Tovuti nyingi za ajira huweka pale maelezo ambayo Google huyasoma ili kuonyesha kazi kwenye matokeo ya utafutaji. Kwenye ukurasa wa mwenzetu yalisomeka hivi:

```
"datePosted": "2025-03-21",
"validThrough": "2025-04-02"
```

Tarehe 3 haipo. Tarehe 14 haipo. Na maelekezo ya Google kwa wenye tovuti yako wazi: `datePosted` ni tarehe ya awali ambayo mwajiri aliitoa kazi, si tarehe ya kulipandisha tangazo, na kazi iliyofungwa inapaswa kuondolewa au kuwekewa alama kwamba muda wake umepita. Kwa hiyo tusiambiwe kwamba jambo hili ni gumu au halina utaratibu. Nafasi ya kuandika ukweli imeshachorwa kwenye ukurasa, ila imejazwa tarehe ya kifurushi. Ukitafuta ukakuta `validThrough` haipo kabisa, maelezo hayo hayakwambii lolote kuhusu mwisho wa maombi. Hapo fungua faili la mwajiri kwanza kabla ya kulipia skani.

Arifa zina kosa lake jingine, nalo linawaumiza hata wanaofuata kazi halali ambazo bado ziko wazi. Programu ya arifa huuliza swali moja tu: tangazo liliwekwa lini? Haiulizi zimebaki siku ngapi. Mwajiri mdogo asiye na fedha ya kifurushi huweka tangazo la bure Alhamisi jioni, mwisho wa maombi Jumatatu. Mtu aliyechagua kupokea arifa mara moja kwa wiki analipata Jumapili usiku, stesheneri ya mtaani kwake ikiwa imefunga, au pengine Jumatatu mchana, siku yenyewe ya mwisho. Wakati huohuo, juu ya barua hiyohiyo yamekaa matangazo matatu ya kulipia ambayo yamekuwa yakirudi kila wiki. Yaani kazi iliyo hai iko chini na inakimbia, na kazi iliyokufa iko juu na inangoja. Tunajua kwamba fedha ya mwajiri ndiyo inayoendesha tovuti, na hatudai nafasi ya juu iwe bure. Anayelipa awe juu, lakini awe juu kwa kazi iliyopo.

Kuna na hawa wanaonakili. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma hutolewa kwenye Ajira Portal, na kila moja huja na tarehe yake ya mwisho, nayo ni moja tu. Tangazo hilohilo likinyofolewa na kubandikwa kwenye tovuti binafsi, mara nyingi tarehe hiyo inabaki ndani ya PDF, na ukurasa unavaa tarehe ya siku uliponakiliwa. Mtu wa Sumbawanga au Lindi analisoma kama jipya, anakusanya barua na vyeti, kisha akifika portal ya Serikali nafasi haionekani tena. Wapo wanaodhani simu yao ina hitilafu, wakaenda intaneti kafe kujaribu upya na kulipia tena. Ukiona nafasi ya Serikali kwenye tovuti yoyote nyingine, nenda kwanza portal.ajira.go.tz uitafute pale. Isipokuwepo kwenye orodha ya nafasi zilizo wazi, usihangaike na nakala.

Waajiri nao wanaumia, ingawa wao hawasimami nasi kulalamika. Yule afisa wa kampuni ya vinywaji alisema maombi yaliendelea kuingia kwenye barua pepe ya ofisi hata baada ya mtu kuanza kazi, na kwamba waliacha kuyafungua. Fikiria waombaji waliofuata sheria zote, wakaandika barua nzuri, barua ikatua kwenye sanduku ambalo hakuna anayelifungua, huku mfumo ukiwashukuru kwa kutuma. Hilo neno la "yamepokelewa" tunaliona halina heshima. Yamepokelewa na nani?

Tunavyoona sisi, dawa iko kwenye namna ya kuuza kifurushi. Leo mwajiri akifunga tangazo siku ya 11, siku 19 alizozilipia zinapotea. Hana sababu ya kufunga, hata kama ni mtu mwema, na ofisini kwake kuna kazi nyingine za kufanya. Zirudisheni siku hizo kwenye akaunti yake azitumie kwa tangazo lijalo, na mtaona namna matangazo yatakavyofungwa mapema. Fedha mmeshaipokea, na mteja atarudi kwa sababu ana siku zake kwenu.

Mengine ni ya fundi mmoja wa programu, si ya mtaji mpya. Mwajiri asiweze kuweka tangazo bila kujaza siku ya mwisho ya maombi, na siku hiyo ndiyo iandikwe juu ya ukurasa. Tangazo lifungwe kwa tarehe itakayotangulia, ya mwajiri au ya kifurushi. Kulipandisha juu kusiguse tarehe ya kutangazwa. Arifa iache kila kazi iliyopita muda wake, na kwa zilizobaki iandike zimebaki siku ngapi, zenye muda mfupi zikitangulia. Tangazo likifungwa, ukurasa wake unaweza kubaki tusome sifa zilizotakiwa, lakini kitufe cha kutuma maombi kiondolewe.

Wenye tovuti, tunawaomba mwanze na tarehe ya mwajiri. Waajiri, siku mnayompata mtu ingieni kwenye akaunti zenu mlifunge tangazo kabla hamjatoka ofisini. Nasi tunaotafuta, tangazo likionekana jipya lakini halisemi mwajiri anaacha lini kupokea, tupige simu kuuliza kabla ya kwenda kwa wakili, na tukijua limekwisha muda tubonyeze kitufe cha kuripoti ili mwingine asipoteze nauli yake.