Kikombe Kipi, Mama?

Juzi nilimsindikiza mama, mgonjwa wa kisukari, kwa mtaalamu wa lishe. Aliulizwa hunywa uji kiasi gani kwa siku. Akajibu, "Vikombe viwili." Zikaandikwa mililita 500, kwani kikombe cha vipimo hubeba 250. Nyumbani nilikijaza maji kikombe chake cha bati, nikayapima kwa jagi: mililita 450! Kumbe iliandikwa karibu nusu tu ya uji anaokunywa.

Kwa maoni yangu, mama hakukosea. "Kikombe" ni jina la chombo, si kipimo; na "kipande" cha ugali je? Heri mgonjwa aonyeshwe vielelezo vya ugali vya ukubwa mbalimbali, achague mwenyewe. Akionyeshwa kimoja tu, ataitikia kwa adabu.