Jibu analijua, alama zimeenda wapi?

Mzazi mwenye mtoto Kidato cha Kwanza au cha Pili anaijua hali hii. Shule ya msingi ya serikali mtoto alisoma sayansi kwa Kiswahili, sekondari anaisoma kwa Kiingereza. Karatasi ya baiolojia inarudi nyumbani na alama ndogo, na wote mnahitimisha kwamba sayansi imemshinda. Huenda ni kweli. Huenda pia aliyemshinda ni mwongozo wa kusahihishia, yaani ile karatasi ya mwalimu inayosema alama hii ni ya nini na ile ni ya nini.

Tuchukue mfano wa swali ninalolipenda kwa sababu ya kazi yangu: eleza kwa nini mgonjwa wa kuhara hupewa ORS na si maji matupu. Swali lina alama 10, na mwongozo umezigawa hivi: hoja 5, mpangilio 2, lugha fasaha 3.

Hoja 5 zinazotakiwa ni hizi. Anayehara hupoteza maji pamoja na chumvi. Maji matupu hayarudishi chumvi. Sukari iliyomo kwenye ORS husaidia utumbo kunyonya chumvi. Maji hufuata chumvi kuingia mwilini. Asiporudishiwa, damu hupungua wingi na anaweza kufa.

Mwanafunzi wa kwanza, ambaye kwao kinazungumzwa Kiswahili tu, ameandika hoja zote 5 kwa Kiingereza kilichovunjika. Nyakati zimechanganyika, tahajia mbovu, na sukari ameiita sukari. Anapata hoja 5, mpangilio 1, lugha 0. Jumla 6. Wa pili alitoka shule ya msingi ya Kiingereza. Ameandika aya nzuri sana, lakini habari ya sukari na ya maji kufuata chumvi haimo. Anapata hoja 3, mpangilio 2, lugha 3. Jumla 8.

Aliyeelewa kwa nini ORS inafanya kazi ameachwa nyuma na asiyeelewa. Na hapo tumemchukulia msahihishaji mwema. Msahihishaji mwingine akikuta neno sukari ataikata hoja yenyewe, kisha kosa hilohilo alikate tena kwenye lugha. Kosa moja limelipiwa mara mbili. Miongozo mingine haina hata mstari wa lugha, ina mstari wa “maelezo yaliyo wazi”, na lugha inajificha humo.

Sasa, kulinganisha wastani wa makundi mawili ya watoto hakutoshi kuthibitisha upendeleo. Kundi moja linaweza kuwa na alama ndogo kwa sababu kweli halijaelewa somo. Kipimo cha haki ni hiki: watoto wawili wenye uelewa sawa wanapata alama sawa?

Walimu wanaweza kukipima mchana mmoja. Chukua karatasi 10, ficha majina, mpe mwalimu mwingine wa somo hilo asahihishe hoja tu, akikubali neno la Kiswahili pale maana ilipo sahihi. Kisha wanafunzi hao waulizwe swali lilelile kwa mdomo, kwa Kiswahili, bila kudokezewa. Panga majibu kwa idadi ya hoja alizozijua kila mmoja. Wenye hoja 5 wakitofautiana kwa alama 3 au 4 kwenye karatasi ya awali, na walioanguka ni walewale wa Kiswahili, mwongozo ndio wenye kasoro. Tofauti ikiwa ndogo, tafuta tatizo kwingine. Kuna mtoto ambaye hata kwa Kiswahili hajui sukari inafanya nini, na huyo anahitaji kufundishwa upya.

Si kila alama ya lugha ni dhuluma. Kwenye mtihani wa Kiingereza, lugha ndiyo inayopimwa. Hata kwenye baiolojia, mtoto akiandika kwamba utumbo unatoa chumvi badala ya kunyonya, huwezi kujua kama amekosea neno au amekosea wazo mpaka umuulize.

Nyumbani unaweza kuanza na karatasi moja. Mwambie mtoto akueleze jibu kwa lugha mnayoongea mezani, wewe andika hoja zake bila kumsahihisha. (Usimpe chambo! “Na sukari je?” tayari ni jibu.) Kisha nenda kwa mwalimu wa somo, mwombe kwa upole akuonyeshe mwongozo, muulize kila alama iliyokatwa ilikatwa kwenye mstari upi. Mtihani wa taifa hutaubadilisha kwa njia hii. Mazoezi na mitihani ya shule ni mali ya mwalimu, na kwenye swali letu anaweza kuzihamishia zile alama 3 za lugha kwenye hoja kabla ya muhula ujao. Fanya hivyo mapema, kwa maana ni alama za Kidato cha Pili zinazotumika mtoto anapoamua kama ataendelea na sayansi.