Dada wa Usafi Goba Kamripoti Supavaiza, Nyie Mnauliza "Mbona Leo?"

Wadau, kisa hiki ni cha kutunga na majina hamna. Ila kama umewahi kuvaa sare ya kampuni ya usafi, wahusika wote unawajua.

Dada ana mwaka na miezi mitatu anapiga deki kwenye jengo moja la ofisi Goba. Saa kumi na mbili asubuhi ndoo yake iko kwenye ngazi, na supavaiza anamsalimia kwa tusi. "Mshamba wewe." "Kabila lenu maji mmeyajulia mjini." "Masikini hananuniani na mtu." Wenzake wanacheka kidogo ili zamu isiwageukie wao. Mama mmoja mkubwa kazini anamwambia, "Vumilia mwanangu, kazi zenyewe ziko wapi?"

Siku moja yule bwana akarusha sauti kwenye grupu la Watsapu la kazini, matusi yaleyale. Dada hakujibu. Akaihifadhi ile sauti, na siku tatu baadaye akapeleka barua ofisini kwa kampuni. Barua ilitoka kwenye daftari alilolificha kabatini pamoja na sabuni: tarehe, saa, tusi lenyewe neno kwa neno, na nani alikuwepo.

Sasa wajuaji wameanza. "Mwaka mzima alikuwa wapi?"

Alikuwa kazini, bosi. Miezi mingi nyuma alimwambia meneja wa jengo, akajibiwa kwamba yule si mfanyakazi wao, ni wa kampuni. Na kampuni inamjua dada kupitia nani? Kupitia supavaiza huyohuyo, anayejaza mahudhurio na kupendekeza nani aongezewe mkataba. Njia ya kulalamika inapita mezani kwa anayelalamikiwa, halafu unamuuliza mbona kachelewa!

Wengine mnasema "ni maneno tu". Someni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7. Inakataza unyanyasaji kazini unaotokana na mambo kama kabila, jinsia, ujauzito, dini, ulemavu, hata hali ya maisha ya mtu. Ndiyo maana daftari lile lina nguvu. Angeandika "ananitukana kila siku", kampuni ingesema ni ukali wa kazi tu. Ila ameandika "kabila lenu" na "masikini", kwa hiyo tusi limeingia palepale sheria inapokataza. Maneno yenyewe ndiyo kesi, usiyalainishe kwa aibu.

Halafu kuna wale wa "si angeacha tu kazi kwa heshima". Huo ndio ushauri mbovu kuliko yote. Ukiondoka kimyakimya, kwenye karatasi inasomeka umeacha mwenyewe. Sheria inakubali kwamba mwajiri akifanya kazi isivumilike hadi ukaondoka, hesabu yake ni kama amekuachisha. Lakini mzigo wa kuonyesha hivyo ni wako, na swali litakalokuja ni hili: uliwahi kuwaambia, wakakataa kurekebisha? Bila barua yenye nakala iliyosainiwa kupokelewa, utajibu nini? Na kama hujafikisha miezi sita kwa mwajiri huyo, mlango wa kudai umeachishwa isivyo haki ni mgumu zaidi.

Kampuni ikikaa na barua bila kujibu, kuna Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Unajaza fomu namba 1, unampa mwajiri nakala, unapeleka Tume na uthibitisho kwamba ameipata. Anayepinga kuachishwa ana siku 30. Migogoro mingine ni siku 60. Ukichelewa, itabidi kwanza uombe kusamehewa kuchelewa na utoe sababu za maana. Kwa hiyo "ngoja kwanza tuone" ya miezi minne inaweza kukugharimu kesi nzima. Na anayejibu pale ni kampuni iliyosaini mkataba wako na kukulipa, siyo mwenye jengo.

Kwenye kisa chetu mambo hayakufika huko. Kampuni ilisikiliza ile sauti, ikawaita mashahidi wawili. Mmoja akasema hakumbuki kitu, yule mama mkubwa akasema kila kitu. Supavaiza kapewa onyo la maandishi na kuhamishiwa kituo kingine. Dada bado anapiga deki ngazi zilezile, na baadhi ya wenzake hawamsalimii.

Nyie mnaolia "kamharibia baba wa watu", huyo baba mkate wake kauchezea mwenyewe, asubuhi baada ya asubuhi, na bado anao. Hasira zenu hamkuwa nazo alipokuwa anatukana. Mlikuwa mnacheka kidogo.