Burundi: Ankara ya upasuaji na bei ya kutoka hospitalini

Daktari akishaandika kwamba mgonjwa aliyefanyiwa upasuaji anaweza kurudi nyumbani, huanza safari nyingine, ile ya kuelekea dirisha la mhasibu. Mjini Bujumbura, familia nyingi hukabidhiwa hapo karatasi yenye jumla moja tu: upasuaji na malazi, kiasi fulani cha faranga. Mara nyingi familia huanza kwa kuomba ipunguziwe deni au iongezewe muda. Lakini swali lenye uzito zaidi ni lile linalopaswa kutangulia: jumla hiyo imetokana na nini?

Burundi inaufahamu uchungu wa ankara isiyolipika. Mnamo Septemba 2006, shirika la kutetea haki za binadamu la Human Rights Watch, kwa ushirikiano na shirika la Burundi la APRODH, lilichapisha ripoti kuhusu wagonjwa maskini waliozuiliwa katika hospitali za nchi hiyo, ikiwemo ya Prince Régent Charles mjini Bujumbura, kwa kushindwa kulipa. Walinzi waliwakataza kutoka mpaka jamaa au wafadhili wapate fedha. Miongoni mwao walikuwamo akina mama waliojifungua kwa upasuaji.

Chanzo hakikuwa ukatili wa wahasibu peke yake. Tangu mwaka 2002 hospitali zilitakiwa kurudisha gharama zake kutoka kwa wagonjwa. Kila asiyelipa aliacha pengo katika fedha za kununulia dawa, na hospitali ikaona mlango uliofungwa kuwa dhamana pekee iliyobaki mikononi mwake.

Mwezi Mei 2006, Rais Pierre Nkurunziza aliagiza uzazi na matibabu ya watoto walio chini ya miaka mitano yawe bure katika vituo vya umma. Mwaka 2012 ilifufuliwa kadi ya msaada wa matibabu, ijulikanayo kama CAM, inayouzwa kwa kaya zisizo na bima nyingine, na ambayo kwayo serikali hubeba asilimia 80 ya gharama katika vituo vya umma. Watumishi wa serikali nao wana mfuko wao wa bima. Hata hivyo, aliyefanyiwa upasuaji wa ngiri au wa mfupa uliovunjika bila bima yoyote hubaki peke yake na ankara yake.

Mchanganuo hutangulia mpango

Makosa katika ankara ya upasuaji hujificha mahali panapofahamika. La kwanza ni malazi. Panapotozwa kitanda kwa siku, hesabu inaweza kuendelea hata baada ya daktari kumruhusu mgonjwa, wakati familia ingali inatafuta fedha. La pili ni dawa na vifaa. Hospitali ikiishiwa, jamaa hutumwa kununua nyuzi za kushonea, glavu au dawa katika famasi za mjini. Kitu hichohicho kikiandikwa tena kwenye ankara, familia hulipa mara mbili. La tatu ni amana iliyotolewa siku ya kupokelewa, ambayo huweza kusahaulika wakati wa kukokotoa salio.

Mfano ufuatao ni wa kubuniwa, na bei zake ni za kuonyesha hesabu tu. Mgonjwa wa ngiri anadaiwa faranga 740,000. Familia inaomba mchanganuo na kupata haya: upasuaji 300,000, dawa ya usingizi 90,000, malazi ya siku 8 kwa 20,000 kila siku, yaani 160,000, dawa na vifaa 150,000, na vipimo vya maabara 40,000.

Karatasi ya ruhusa inaonyesha kwamba daktari alimruhusu siku ya 6. Siku mbili za ziada ni faranga 40,000, na familia ina hoja ya kuomba ziondolewe. Risiti za famasi zinaonyesha vifaa vya faranga 55,000 vilivyonunuliwa nje lakini vikaorodheshwa tena. Vikiondolewa navyo, ankara inashuka hadi 645,000. Ikitolewa amana ya 60,000, salio ni 585,000.

Tofauti ya faranga 155,000 haikutokana na huruma ya mtu. Imetokana na karatasi tatu: ruhusa ya daktari, risiti za famasi na stakabadhi ya amana. Familia ambayo ingeomba mpango wa awamu kwanza ingejikuta imetia saini kukiri deni la 740,000, na kulipinga baadaye kungekuwa vigumu mno. Na kama mgonjwa huyo angekuwa na kadi inayobeba asilimia 80, sehemu yake katika 645,000 ingekuwa 129,000, na baada ya amana angebakiwa na 69,000.

Ahadi inayoweza kutimizwa

Baada ya deni kuhakikiwa ndipo ombi la awamu linapopata nguvu. Ombi la maneno matupu dirishani ni rahisi kukataliwa, kwa kuwa mhasibu mara nyingi hana mamlaka ya kukubali. Barua fupi kwa mkurugenzi wa hospitali, ikipitia kwa afisa wa ustawi wa jamii pale alipo, humfikia mwenye uamuzi. Inafaa ipelekwe kabla ya siku ya kuruhusiwa, sio baada ya mlinzi kumrudisha mgonjwa langoni.

Barua hiyo hutaja salio, kiasi kinacholipwa siku hiyo, na awamu zilizobaki pamoja na tarehe zake. Katika mfano uliotangulia, familia ingeweza kutoa 185,000 papo hapo na kulipa 400,000 zilizobaki kwa miezi mitano, 80,000 kila mwezi. Mdhamini mwenye kazi inayojulikana humpa mkurugenzi sababu ya kuamini. Ahadi kubwa kuliko kipato ni hatari, kwani awamu ya kwanza ikikosekana, mpango wote hupoteza heshima yake.

Makubaliano yanapaswa kusema pia kwamba mgonjwa anaondoka na karatasi zake za matibabu, kwamba gharama za malazi zimekoma, na kwamba kila awamu itapewa stakabadhi inayoonyesha salio jipya. Anayelipa kwa simu huhifadhi ujumbe wa malipo, lakini bado hudai stakabadhi ya hospitali.

Mipaka ya sheria

Mkurugenzi anaweza kukataa awamu, na hospitali ina haki ya kudai fedha zake, hata mahakamani. Kuzuia mwili wa mdaiwa ni jambo jingine. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, ambao Burundi ilijiunga nao mwaka 1990, unakataza katika kifungu cha 11 kumfunga mtu kwa sababu tu ameshindwa kutimiza wajibu wa kimkataba. Nchini Kenya, Mahakama Kuu iliamua Septemba 2015 kwamba kuzuiliwa kwa wanawake wawili katika hospitali ya uzazi ya Pumwani, jijini Nairobi, kwa sababu ya ankara kulikiuka haki zao.

Uamuzi huo hauzifungi hospitali za Bujumbura, wala kifungu cha mkataba hakifungui lango usiku wa manane. Pengo la fedha lililozisukuma hospitali mwaka 2006 hurudi kila serikali inapochelewa kulipa sehemu yake. Mpaka pengo hilo lizibwe, mgonjwa anayesimama dirishani na mchanganuo wa ankara, risiti zake na barua yenye tarehe ana kitu ambacho wengi wa waliozuiliwa hawakuwa nacho: deni linalojulikana kiasi chake, na njia ya kulilipa akiwa nyumbani kwake.